Mkataba wa dada wa kazi anayelala hapa hapa nyumbani: saa za kazi tunaziandikaje?

Mama Tunu wa Tabata

Wakuu habari za jioni. Nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, narudi kazini tarehe moja. Dada anakuja kutoka Singida, ana miaka 22, atalala kwetu. Tumekubaliana laki moja na nusu kwa mwezi, chakula juu yangu. Safari hii nataka tuandikishane, maana aliyepita aliondoka kwa maneno na mpaka leo sijui nani alimkosea mwenzie.

Nimeandika hivi:

*Saa za kazi: kuanzia asubuhi hadi kazi zitakapoisha.*
*Mapumziko: Jumapili baada ya ibada, arudi kabla ya saa 12 jioni.*
*Malazi: atapewa sehemu ya kulala.*
*Kuacha kazi: upande wowote utoe taarifa ya siku 7.*

Mimi natoka nyumbani saa 12 na nusu asubuhi, narudi saa 12 jioni, Jumatatu mpaka Ijumaa. Baba Tunu yuko safarini muda mwingi. Naombeni mnikosoe kabla sijachapa.

Kobe Mwendo

Bi mkubwa, beki tatu na mkataba wapi na wapi? Mwandikie jina, mshahara, namba ya mzazi wake, mpeleke kwa mjumbe aandikishwe, basi. Ukimpa makaratasi mengi kesho anakushtaki kwa makaratasi yako mwenyewe.

Mzee Karatasi

Kobe, hapo umeliweka kinyume. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, ile Sura ya 366, inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya kazi kwa maandishi, na kama haelewi kilichoandikwa, aelezwe kwa namna atakayoelewa. Shauri likifika mbele na mwajiri hana maandishi, mzigo wa kuthibitisha mlikubaliana nini unakuwa wa mwajiri. Dada akisema mliahidiana laki mbili, ni wewe utakayehangaika kuonyesha kwamba haikuwa hivyo. Nimekaa miaka mingi kwenye ofisi zinazopokea haya malalamiko, na waliokuwa wakitoka jasho ni waajiri wasio na karatasi. Na ukishaandika, itunze hata baada ya dada kuondoka. Sheria inataka miaka mitano.

Mama Tunu, tuanze na saa, kwa sababu mengine yote yanasimama juu yake. "Hadi kazi zitakapoisha" futa. Nyumba yenye mtoto kazi haiishi. Saa za kawaida haziruhusiwi kuzidi 9 kwa siku, 45 kwa wiki, siku 6 kwa wiki. Juu ya hapo ni saa za ziada, zinalipwa mara moja na nusu, tena kwa makubaliano, na zisizidi 50 katika kila wiki nne. Na hata akubali kwa hiari yake, siku moja isizidi saa 12 za kazi.

Sasa hesabu siku yako mwenyewe. Wewe ukiwa nje, nani mwingine yuko na mtoto?

Mama Tunu wa Tabata

Hakuna mwingine, ni wao wawili. Ila mtoto analala mchana kama saa mbili hivi, na huo muda dada anapumzika. Kwa hiyo si saa 11 na nusu, ni 9 na nusu. Au nakosea?

Mchumi wa Mtaa

Mapumziko ya mchana hayalipwi mkuu, hilo liko wazi kisheria. Toa saa mbili za usingizi wa mtoto, umebaki na 9 na nusu. Nusu saa ya ziada kwa siku, hela ya vocha tu.

Mzee Karatasi

Mchumi, nusu ya maneno yako ni kweli. Sheria inasema anayefanya kazi zaidi ya saa tano mfululizo apewe mapumziko ya dakika 60, na mwajiri halazimiki kuyalipia. Lakini inaendelea: isipokuwa kama mfanyakazi anatakiwa kufanya kazi *au kuwa tayari kwa kazi* wakati wa hayo mapumziko. Mtoto akiwa amelala chumbani na mama yuko Posta, huyo dada anaweza kufunga mlango akaenda kwa mwenzake mtaa wa pili? Hawezi. Yuko tayari kwa kazi. Muda huo unahesabika.

Kwa hiyo siku ya Mama Tunu ni saa 11 na nusu kamili. Tisa za kawaida, mbili na nusu za ziada. Kwa siku tano unapata saa 45 za kawaida na 12 na nusu za ziada. Wiki nne zinakupa saa 50 za ziada juu ya alama. Umegusa dari bila kuitoboa, na maana yake ni kwamba ikifika Ijumaa saa 12 jioni wiki ya huyu dada imekwisha. Jumamosi na Jumapili zote ni zake.

Mama Tunu wa Tabata

Subirini kwanza. Jumamosi ndiyo siku ya kufua na usafi mkubwa! Na hizo saa za ziada zinakuja shilingi ngapi?

Mzee Karatasi

Jedwali liko nyuma ya sheria yenyewe. Mshahara wa mwezi unaugawa kwa 4.333, ambayo ni wastani wa wiki katika mwezi, kisha unagawa kwa saa za kawaida za wiki. Kwa saa 45 inakuwa kama kugawa kwa 195. Laki moja na nusu gawa kwa 195 ni shilingi 769 kwa saa. Mara moja na nusu ni 1,154. Kwa saa 12 na nusu ni kama 14,400 kila wiki, mwezi wa wiki nne unakaribia elfu 58. Jumla yako inazidi laki mbili.

Kobe Mwendo

Nilisema mimi. Makaratasi.

Mchumi wa Mtaa

Kuna njia ndugu zangu. Andika mshahara wa msingi elfu 105, na elfu 45 ni ovataimu ya saa hizo. Jumla ni ile ile laki na nusu. Msingi ukiwa elfu 105 saa moja ni kama 538, ya ziada 808, mara saa 54 za mwezi wa wastani ni elfu 44. Imetosha na chenji imebaki. Amri ya mshahara iliyoanza Januari 2023 iliweka elfu 60 kwa anayelala kwa mwajiri na laki na ishirini kwa anayerudi kwake. Imeshakuja amri mpya yenye viwango vya juu, aangalie hiyo, ilimradi msingi usishuke chini yake.

Aliyekuwa Jikoni

Mimi nimekuwa dada wa kazi Mikocheni na Mbezi kabla sijafungua kibanda changu. Naomba niseme kitu hapa.

Kaka Mchumi, huyo binti wa Singida aliambiwa laki na nusu ni mshahara. Akifika mjini anakuta karatasi inasema mshahara ni laki na elfu tano. Hesabu yako inaweza kuwa sawa lakini yeye anaona amepigwa, na kila akimpigia simu mama yake atasema hivyo hivyo. Kama ndivyo mnataka, aelezwe kabla hajapanda basi, siyo baada.

Halafu mnahesabu saa za mchana tu. Mimi mchana haukuwa unanitesa. Kilichonitesa ni kwamba mama akirudi saa 12 anakaa kwenye kochi, na mimi ndiyo naanza: maji ya kuoga, chakula cha usiku, vyombo, sare za watoto. Nalala saa 5. Saa 10 usiku mtoto analia, nimewekewa godoro chumba chake, naamka mimi. Hayo hayakuwemo kwenye mazungumzo yoyote. Dada Mama Tunu, ukirudi saa 12, nani anaosha vyombo vya usiku?

Mama Tunu wa Tabata

Swali gumu hilo. Kwa kweli nilikuwa nafikiria yeye.

Otieno wa Umoja

Jameni, huku Nairobi ni saa 52 kwa wiki, siku sita, sijui mmetoa wapi 45. Na nyumba ni haki, kama humpi pa kulala unamlipa pesa ya nyumba juu ya mshahara. Likizo ni siku 21 za kazi. Mwambieni huyo mama asome vizuri.

Mzee Karatasi

Otieno ndugu yangu, umesema kweli ya Kenya. Huku Bara ni 45, likizo ya mwaka siku 28 zikiwemo sikukuu zinazoangukia humo, na sheria yetu haimlazimishi mwajiri kutoa nyumba. Mama Tunu anaitoa kwa makubaliano, na ndiyo maana lazima aiandike, isije ikageuka kuwa hisani ya kunyang'anywa siku mkikasirikiana.

Kwa aliyeniuliza pembeni kuhusu Unguja: Zanzibar wana Sheria yao ya Ajira ya 2005, usinakili huu uzi.

Dada Aliyekuwa Jikoni kagusa mfupa. Kati ya kumaliza kazi na kuanza tena kesho yake sheria inataka saa 12 mfululizo za kupumzika. Kuna mlango mdogo: kwa makubaliano ya maandishi, anayeishi mahali pa kazi anaweza kupunguziwa hadi saa 8. Watu wengi wakisikia saa 8 wanashangilia, wanadhani kumbe anaweza kufanya kazi 16. Hapana. Dari ya saa 12 za kazi kwa siku haikuondoka. Kinachopungua ni pumziko, kazi haiongezeki. Inakufaa tu kama siku yake imekatwa katikati, mathalani anafanya asubuhi, anakuwa huru kabisa mchana, anarudi jioni. Kwa Mama Tunu haifai, kwa kuwa mchana wote dada ameshikwa na mtoto.

Siku ya saa 11 na nusu inaacha nusu saa tu mpaka dari, na wiki nne hazina nafasi tena hata ya hiyo nusu saa. Vyombo vya usiku ni vyako Mama Tunu. Au ubadilishe mchana.

Mama Tunu wa Tabata

Kuubadilisha vipi?

Mwalimu wa Chekechea

Nisaidie hapo. Jirani yangu ana dada na mtoto wa umri huo huo. Shangazi wa mtoto anamchukua saa 9 alasiri, anakaa naye mpaka mama arudi. Kuanzia saa 9 dada hadaiwi chochote, anaenda zake cherehani. Jioni anarudi saa 12 na nusu, anapika, saa 2 na nusu amemaliza. Wamepishana saa tu, wala hawajaongeza hela.

Mzee Karatasi

Hiyo ni safi. Saa 12 na nusu asubuhi mpaka saa 9 alasiri ni saa 8 na nusu, jioni saa mbili, jumla 10 na nusu. Ziada ni saa moja na nusu kwa siku, saba na nusu kwa wiki, 30 kwa wiki nne, na hapo Jumamosi asubuhi unaweza kumwomba saa nne za kufua bado uko ndani ya 50. Ila zitalipwa, na zikiwa saa nne ziandikwe saa nne. Toka saa 2 na nusu usiku mpaka saa 12 na nusu asubuhi ni saa 10 za pumziko, kwa hiyo kile kipengele cha maandishi cha kupunguza pumziko lazima kiwemo. Na ile nusu saa baada ya saa 2 usiku ni kazi ya usiku kisheria, ina nyongeza ya asilimia 5.

Mama Tunu wa Tabata

Wifi yangu yupo Kimanga, nitamuuliza. Akikataa, narudi kwenye mpango wa kwanza, vyombo nitaosha na mtu wa kufua nitamtafuta wa kutwa.

Jumapili je? Nimempa siku nzima.

Aliyekuwa Jikoni

Hujampa siku nzima dada yangu. Ibada inaisha saa 4, umesema arudi kabla ya saa 12 jioni. Hizo ni saa 8. Na ukute asubuhi kabla ya ibada ameshamvalisha mtoto na kuchemsha uji.

Mzee Karatasi

Pumziko la wiki ni saa 24 mfululizo, hazikatwi. Andika lini linaanza na lini linaisha, kwa mfano Jumamosi saa 8 mchana mpaka Jumatatu saa 12 na nusu asubuhi. Kulala hapo hapo nyumbani siku hiyo ni ruhusa yake, na akiwa ndani usimtume dukani. Ukimwomba afanye kazi muda wa pumziko na akakubali, kila saa inalipwa mara mbili. Sikukuu za kitaifa hivyo hivyo.

Fundi Bomba Mbagala

Mimi nauliza tofauti kidogo. Dada wangu alivunja kioo cha runinga, nimemkata mshahara wote wa mwezi. Nimekosea? Na hapa mnaongelea saa tu.

Mzee Karatasi

Umekosea fundi. Kukata kwa hasara kunahitaji awe amekubali kwa maandishi, umempa barua ya kueleza chanzo na kiasi, amepata nafasi ya kujitetea, na makato hayazidi robo ya mshahara wake. Mrudishie, kisha mkae chini.

Notisi sasa. Mama Tunu, siku 7 ni sahihi ndani ya mwezi wa kwanza wa kazi tu. Ukishapita, kwa anayelipwa kwa mwezi ni siku 28, pande zote mbili. Iwe kwa maandishi, iseme sababu na tarehe. Haitolewi akiwa likizo wala haihesabiwi sambamba na likizo, kwa hiyo ule mtindo wa kumtumia ujumbe "usirudi tena" akiwa kwao Krismasi haumalizi kitu. Hutaki aendelee kukaa? Mlipe hizo siku 28 badala ya notisi.

Na kwa kuwa wewe ndiye umemtoa Singida, ukimwachisha unamrudisha Singida yeye na mizigo yake, au unampa nauli. Ukichelewesha nauli, gharama zake za kula na kuishi mpaka siku ya safari ni zako. Hapa ndipo malazi na notisi vinakutana, na mikataba mingi inaparuka. Unaweza kumlipa siku 28 leo jioni, lakini ana umri wa miaka 22, hana ndugu Dar, na basi ni alfajiri. Andika kabisa kwamba chumba ni chake mpaka asubuhi ya safari, hata kama kazi imekoma.

Akimaliza miezi 12 na wewe ndiye umemwachisha, bila kosa la nidhamu, kuna kiinua mgongo cha mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka uliokamilika. Kwa laki na nusu na siku tano za kawaida kwa wiki, siku moja ni kama 6,920, miaka miwili inakuwa karibu elfu 97.

Kobe Mwendo

Na yeye akitoroka? Wangu alisema anaenda kuzika bibi, mpaka leo ni mwaka wa pili anazika.

Mchumi wa Mtaa

Ndiyo maana watu wanashikilia mshahara wa mwezi wa kwanza. Akitoroka, umeshajilipa.

Aliyekuwa Jikoni

Na sisi ndiyo maana tunatoroka. Mwezi wa kwanza hujalipwa, ukiaga unaambiwa subiri mwezi uishe, mwezi ukiisha unaambiwa hela ya mafua ya mtoto imekula. Bora uondoke na begi usiku.

Mzee Karatasi

Kushikilia mshahara hakuna kinga ya sheria, Mchumi. Siku ya malipo ikifika unalipa, kwenye laini yake mwenyewe. Akikataa kufanya kazi muda wa notisi, sheria inaruhusu kukata thamani ya siku hizo kwenye stahili zake za mwisho. Ila aliyetoroka bila notisi kabisa, waamuzi wenyewe nimewaona wakipishana, sitaki kumdanganya mtu.

Mama Tunu wa Tabata

Nimeandika upya. Semeni.

*Saa za kazi: Jumatatu hadi Ijumaa, saa 12:30 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri, na saa 12:30 jioni hadi saa 2:30 usiku. Muda wa katikati mfanyakazi yuko huru na anaweza kutoka. Wakati mtoto amelala na hakuna mtu mzima mwingine nyumbani, ni muda wa kazi. Saa inayozidi 9 kwa siku au 45 kwa wiki italipwa mara moja na nusu, na zitaandikwa kila siku kwenye daftari linalosainiwa na wote wawili Ijumaa.*

*Pumziko la siku: pande zote zinakubali liwe saa 10 kwa kuwa mfanyakazi anaishi mahali pa kazi. Pumziko la wiki: Jumamosi saa 8:00 mchana hadi Jumatatu saa 12:30 asubuhi.*

*Malazi: chumba cha nyuma, chenye kitanda, godoro, chandarua na kitasa ambacho ufunguo wake anao mfanyakazi. Mtoto hatalala humo. Chumba hakikatwi kwenye mshahara.*

*Notisi: siku 7 katika mwezi wa kwanza, kisha siku 28, kwa maandishi. Mwajiri akisitisha, atalipa nauli ya basi hadi Singida pamoja na mizigo, na mfanyakazi atakaa chumbani na kula hadi asubuhi ya safari.*

Aliyekuwa Jikoni

Hapo kwenye kitasa umenifurahisha. Ongeza na simu: saa zake za kupumzika simu yake asinyang'anywe.

Mzee Karatasi

Nzuri. Ongeza tarehe ya kuanza, kazi zenyewe ni zipi (mlezi wa mtoto siyo mwosha gari la mjomba), mshahara na tarehe ya kulipa, likizo ya siku 28, na mahali ulikomchukua, maana ndipo nauli inapohesabiwa. Nakala mbili, moja akae nayo yeye, msomeane kwa sauti. NSSF nayo ipo, mjiandikishe. Kitambulisho chake cha NIDA kipige nakala umrudishie.

Mama Tunu wa Tabata

Nashukuru Mzee. Wifi kajibu: Jumatatu mpaka Alhamisi anaweza, Ijumaa hawezi. Sasa Ijumaa inakuwaje?

Mzee Karatasi

Ijumaa inarudi ile ya saa 11 na nusu, inaishia saa 12 jioni, na jioni hiyo mnakula chipsi. Andika Ijumaa mstari wake peke yake. Ziada ya wiki inakuwa saa 8 na nusu, Jumamosi ya kufua bado inaingia.

Fundi Bomba Mbagala

Na mimi wa runinga, ile barua inaandikwaje?